Mnara wa tangi unafanya kazi gani?

Katika vitongoji vya Dar es Salaam vinavyoendelea kujengwa, kama Goba, Kinyerezi na Chanika, nyumba nyingi za chini zina mnara wa zege pembeni: nguzo nne, bimu katikati, bimu juu, jamvi dogo, na tangi jeusi la lita 5,000 limekaa kileleni. Mwenye nyumba akiletewa hesabu ya mnara huo hushtuka, kwa sababu nondo zake huwa nene kuliko nyingi zilizoingia kwenye nyumba yenyewe. Hapo ndipo fundi anapomwonea huruma na kumshauri: nondo za milimita 16 tuzifanye za 12, ringi tuzipanue nafasi kutoka sentimita 15 hadi 30, na saruji tupunguze mfuko mmoja mmoja. Bei inashuka kweli, na kwa macho mnara unabaki vilevile.

Hebu tuitazame hiyo nondo kwa karibu. Nguvu ya nondo inatokana na eneo la mkato wake, na eneo hilo linakwenda kwa mraba wa kipenyo. Kumi na sita mara kumi na sita ni 256. Kumi na mbili mara kumi na mbili ni 144. Kwa hiyo nondo ya 12 ina asilimia 56 tu ya chuma kilichomo kwenye nondo ya 16. Mwenye nyumba anadhani amepunguza kidogo, kumbe ameondoa karibu nusu ya chuma cha nguzo zake, huku tani tano za maji zikiwa bado juu ya vichwa vya watoto wanaocheza uani.

Kuna njia nyingine ya kushusha gharama ya mnara huo, na inashusha zaidi ya ile ya fundi bila kugusa usalama. Wataalamu huiita uhandisi wa thamani. Ni utaratibu wa kuichambua michoro kabla ya ujenzi kwa kuuliza kila kitu kilichochorwa kinafanya kazi gani, kazi hiyo inagharimu kiasi gani, na ni kitu gani kingine kingeweza kuifanya kwa gharama ndogo na kwa ubora uleule. Nyenzo hazijadiliwi kwanza, wala bei. Kinachojadiliwa kwanza ni kazi.

Utaratibu huu una mwanzilishi anayejulikana. Lawrence Miles alikuwa mhandisi wa umeme katika kampuni ya General Electric ya Marekani, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi katika idara ya ununuzi. Viwanda vilihitaji kuzalisha kwa wingi huku shaba, chuma maalumu na vipuri vikiwa adimu kwa sababu ya vita. Alipokosa kitu alichoagizwa, Miles alilazimika kurudi kwa wahandisi na kuwauliza: kitu hiki mlikitaka kwa kazi gani? Mara nyingi walipomweleza kazi, alipata kitu kingine kabisa cha kuifanya, na mara nyingi kilikuwa cha bei nafuu na kizuri zaidi. Vita vilipokwisha aliona kwamba yale yaliyofanywa kwa dhiki yangeweza kufanywa kwa makusudi, na mwaka 1947 akayapangia utaratibu rasmi ndani ya kampuni hiyo.

Kisa kinachosimuliwa zaidi kutoka miaka hiyo kinahusu asbesto. Kiwanda kilihitaji shuka za asbesto, nazo zilikuwa hazipatikani. Ilipoulizwa kazi yake, jibu likawa kwamba vifaa vilivyochovywa kwenye rangi hupita vikining'inia kwenye mkanda wa kiwanda na kudondosha rangi chini. Rangi ile inawaka moto kwa urahisi, kwa hiyo sakafu ilifunikwa kwa kitu kisichoshika moto. Muuzaji mmoja aliyesikia maelezo hayo alikuwa na karatasi isiyoshika moto, ya bei ndogo sana, na ilikuwepo ghalani. Kazi ileile ingefanyika. Kilichochelewesha ni kanuni za zimamoto za kiwanda, ambazo zilitaja asbesto kwa jina. Mtu aliyeandika kanuni alitaka sakafu isishike moto, lakini badala ya kuandika hivyo aliandika jina la kitu. Ilibidi kanuni zibadilishwe ndipo karatasi iruhusiwe.

Mwaka 1954 idara ya meli ya Jeshi la Majini la Marekani iliuchukua utaratibu huu na kuutumia kwenye michoro kabla vitu havijatengenezwa, na hapo ndipo jina la uhandisi wa thamani lilipoenea. Kutoka kwenye meli ukaingia kwenye majengo, barabara na miradi ya maji. Lakini mtu haitaji meli kuuelewa. Mnara wa tangi unatosha kabisa, kwa hiyo tuurudie.

Tuchukue nyumba ya chini ya familia ya watu sita. Maji ya bomba yanakuja usiku, siku fulani tu za wiki, tena kwa nguvu ndogo: yanatoka kwenye koki ya uani lakini hayapandi juu. Mchoro wa kwanza unasema hivi: mnara wa mita sita, tangi la lita 5,000 juu yake, pampu ya kunyonya maji kutoka bomba la mtaa na kuyapeleka juu, kisha bomba la nusu inchi kutoka tangini hadi ndani ya nyumba. Nguzo nne ni za sentimita 30 kwa 30, misingi minne ni ya mita 1.2 kwa 1.2. Vipimo hivi ni vya mfano, ila mtu yeyote aliyewahi kusimamia kazi ya namna hii atavitambua.

Nikipiga hesabu ya zege, nguzo zinakula mita za ujazo 2.5, misingi 1.7, bimu 1.2 na jamvi la juu karibu 0.9. Jumla ni mita za ujazo 6.3. Kwa mchanganyo wa kawaida wa moja-mbili-nne, hiyo ni takriban mifuko 40 ya saruji, bila kuhesabu nondo, mbao za kumwagia zege na siku za mafundi.

Sasa mhandisi anakaa na mwenye nyumba, wanaandika kazi za kila kitu kilichomo kwenye mchoro. Miles alisisitiza kwamba kila kazi ielezwe kwa maneno mawili tu, kitenzi na jina, kwa sababu sentensi ndefu huficha mambo. Tangi: kuhifadhi maji. Kimo cha mnara: kutoa presha. Nguzo, bimu na misingi: kubeba uzito. Pampu: kupandisha maji. Bomba: kupitisha maji.

"Mama, katika hizi kazi, ipi hasa unaihitaji wewe?" mhandisi anauliza.

"Mimi nataka maji yasikatike nyumbani, na bafuni yatoke kwa nguvu. Hata umeme ukikatika."

"Na kubeba uzito?"

"Kubeba uzito wa nini, baba? Hayo ni ya kwako."

Jibu hilo lina thamani kubwa kuliko linavyosikika. Mwenye nyumba anahitaji kazi mbili: kuhifadhi maji na kupata presha, pamoja na sharti moja, kwamba presha isitegemee umeme wa saa ileile. Kubeba uzito ni kazi ambayo hakuiomba. Imezaliwa na uamuzi wa kuweka maji yote juu. Na ukiangalia hesabu, mita zote 6.3 za zege zimelipwa kwa ajili ya kazi hiyo moja ambayo hakuna mtu nyumbani anayeitumia. Zoezi la kugawa gharama kwa kazi, badala ya kuigawa kwa vifaa kama mkadiriaji majenzi anavyofanya kwa kawaida, hufichua mambo kama haya ambayo orodha ya saruji, kokoto na nondo haiwezi kuyaonyesha.

Swali linalofuata linajileta lenyewe: kati ya lita 5,000, ni ngapi zinazohitaji kuwa juu? Watu sita wakitumia lita 100 kila mmoja kwa siku, nyumba inatumia lita 600. Maji yanayohitaji presha leo ni hayo. Lita nyingine 4,400 zimepandishwa mita sita zikasubiri zamu yake huko, zikilaliwa na nguzo nene na misingi mipana. Kazi ya kuhifadhi haihitaji kimo hata kidogo. Tangi lililokaa chini linahifadhi vizuri sawasawa na lililokaa juu.

Mchoro wa kwanza ulizifunga kazi mbili ndani ya kitu kimoja. Wazo la pili linazitenganisha. Tangi la lita 5,000 linakaa chini, juu ya jamvi la zege lililomwagwa kwenye udongo ulioshindiliwa. Tangi dogo la lita 1,000 linakwenda juu. Pampu inatoa maji tangi la chini na kuyapeleka la juu, ikijiwasha na kujizima kwa boya lenye swichi. Umeme ukikatika, lita 1,000 za juu zinatosha siku moja na nusu na zaidi, na jumla ya akiba ya nyumba imepanda kutoka lita 5,000 hadi 6,000.

Angalia pia jambo ambalo halikuwa kwenye swali la gharama. Maji ya bomba yenye nguvu ndogo sasa yanaingia yenyewe kwenye tangi la chini, usiku, kupitia koki ya boya, watu wakiwa wamelala. Mchoro wa kwanza ulihitaji mtu aamke kuwasha pampu, tena pampu ya kunyonya moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, jambo ambalo mamlaka za maji hulikataza, na kwa sababu nzuri: inaponyonya kwa nguvu inavuta ndani uchafu kupitia nyufa za bomba, na inamnyima maji jirani.

Mchoro bora mara chache huwa ni ule wa wazo la kwanza lililopita. Katika kikao cha uhandisi wa thamani kuna kipindi ambacho mawazo yote yanaandikwa bila kukosolewa, kisha yanapimwa. Kwa nyumba yetu mawazo mengine yangekuwa kuondoa mnara kabisa na kufunga pampu ya presha, au kuliweka tangi dogo juu ya dari. Pampu ya presha inaanguka kwenye sharti la umeme. Tangi juu ya dari ya mbao linakataa kwa sababu tani moja ya maji inahitaji kuta na boriti zilizopangiwa uzito huo, na likivuja linaharibu nyumba. Mtu mwingine mwenye nyumba ya zege juu angeweza kulichagua hilo bila shaka. Kwa hiyo mnara unabaki, lakini sasa tuulize: kwa nini mita sita?

Hapa naomba msomaji anifuate taratibu, kwa sababu ndipo penye mafunzo mengi.

Kimo kinatoa presha: kila mita moja ya kimo kati ya tangi na koki inatoa presha ya mita moja ya maji. Bomba la mvua la bafuni liko mita 2.1 kutoka chini. Kitako cha tangi kikiwa mita sita, tuna mita 3.9 za presha. Lakini maji yakitembea ndani ya bomba yanasuguana na kuta zake, na msuguano unakula presha hiyo kabla haijafika bafuni. Tuseme bomba kutoka tangini lina urefu wa mita 25, na watu wawili wamefungua maji kwa pamoja, kila mmoja akipata lita nane kwa dakika. Kwa bomba la nusu inchi, msuguano peke yake ungehitaji zaidi ya mita tano za presha. Hatunazo, tuna 3.9. Matokeo yake kila mwenye nyumba anayajua: mtu akifungua koki ya jikoni, aliyeko bafuni anabaki na uzi wa maji, na mwaka unaofuata anaambiwa mnara ni mfupi, uongezwe.

Msuguano unategemea kipenyo kwa ukali wa ajabu. Ukitoka bomba la nusu inchi kwenda robo tatu, unabaki takriban robo ya ule wa mwanzo. Ukienda inchi moja, kwa maji yaleyale na urefu uleule, unashuka hadi karibu mita 0.3. Sasa piga hesabu upya: shusha tangi hadi mita 4.5. Ukiondoa mita 2.1 za bomba la mvua, zinabaki 2.4. Ondoa 0.3 za msuguano, na nyingine 0.3 kwa ajili ya kona na koki njiani. Bafuni inafika mita 1.8 ya presha hata watu wawili wakitumia maji pamoja, wakati mnara mrefu wenye bomba jembamba ulikuwa umeishiwa.

Hapa tumechagua kitu ghali zaidi. Bomba la inchi moja linauzwa bei kubwa kuliko la nusu inchi, na mtu anayepunguza gharama kwa kufyeka asingeligusa. Lakini mita 25 za bomba nene zimeondoa mita moja na nusu ya mnara kwenye nguzo nne, pamoja na mbao na jukwaa la kufikia huko juu. Uhandisi wa thamani hupima gharama ya kazi nzima, kwa hiyo si ajabu kipengele kimoja kikipanda ili jumla ishuke. Nina wasiwasi na pendekezo lolote la kubana gharama ambalo kila mstari wake umeshuka na hakuna hata mmoja uliopanda. Kwa kawaida hilo limefanywa kwa wembe, bila kuchambua kazi.

Mnara mpya unabeba tani moja badala ya tano, kwa hiyo nguzo za sentimita 20 kwa 20 zinaweza kutosha, na misingi ya sentimita 80 kwa 80. Zege la mnara ni takriban mita za ujazo 2.2, na jamvi la tangi la chini 0.7. Jumla ni 2.9 badala ya 6.3, yaani mifuko kama 19 ya saruji badala ya 40. Nondo za nguzo sasa zinaweza kuwa za milimita 12.

Ndiyo, zilezile nondo za 12 alizopendekeza fundi. Tofauti iko kwenye mfuatano wa mambo. Fundi alipunguza chuma akauacha mzigo vilevile. Hapa mzigo ulipungua kwanza, ndipo chuma kikafuata. Mtu akikuletea pendekezo la kupunguza nondo, muulize ni mzigo gani umeondoka. Kama hakuna uliyoondoka, hicho kilichopungua ni usalama wako.

Gharama ambazo zimeongezeka lazima ziandikwe nazo, vinginevyo hesabu ni ya kujidanganya: tangi la pili la lita 1,000, koki ya boya, swichi ya boya, nyaya za umeme hadi kwenye pampu, na bomba nene. Pampu ilikuwepo tangu mchoro wa kwanza. Umeme wake hautishi. Kupandisha lita 600 hadi ukingo wa tangi la juu, mita 5.7, ni kazi ndogo. Hata kama pampu inapoteza sehemu nne kati ya tano za umeme inaoula, matumizi hayafiki yuniti mbili kwa mwezi. Na kwa kuwa ukingo wa tangi la kwanza ungekuwa mita nane, mchoro mpya unapandisha maji kimo kidogo zaidi.

Gharama ya kweli ya mchoro mpya ni ya matunzo. Swichi ya boya huharibika. Ikikwama ikiwa imewasha, maji yatamwagika kutoka tangi la juu, na utaliona kwa bomba la kufurikia linalodondosha na pampu isiyonyamaza. Ikikwama ikiwa imezima, tangi la juu litaisha na bafuni kutakauka wakati la chini limejaa. Mbaya zaidi ni tangi la chini kuisha huku pampu ikiendelea kuzunguka bila maji, kwa sababu maji ndiyo yanayoipoza. Ikizunguka kavu mpira wa kuzuia kuvuja unaungua na mota inafuatia. Ndiyo maana tangi la chini nalo linahitaji swichi ya kuizima pampu. Ni kifaa kidogo, na ni cha kwanza kufutwa na watu wanaosema wanabana gharama.

Kuna jambo lingine ambalo mnara mwepesi unalileta na mzito haukuwa nalo kwa kiwango hicho: upepo. Tangi la lita 1,000 likiwa tupu lina uzito wa kilo ishirini na kitu au thelathini, na upepo mkali unaweza kulisukuma kwa nguvu inayozidi uzito wake. Likijaa halina shida. Likiisha usiku wa dhoruba linaweza kuruka. Kwa hiyo lazima lifungwe kwa nyaya kwenye vyuma vilivyozamishwa zegeni, na mhandisi aukague mnara katika hali mbili: tangi likiwa limejaa, kwa ajili ya uzito, na likiwa tupu, kwa ajili ya upepo kuupindua. Anayekagua hali ya kujaa peke yake amefanya nusu ya kazi.

Na nyumba hii isifanywe kuwa sheria kwa kila nyumba. Ya ghorofa moja itadai kimo kingine kabisa, kwa sababu bafu la juu liko mita tatu zaidi. Zahanati haiwezi kutegemea lita 1,000 na swichi moja ya boya. Kwake pampu kufa usiku ni jambo zito, na huenda tangi kubwa juu likawa na thamani kuliko uhifadhi wa saruji. Kazi ni ileile kwa jina, ila gharama ya kazi hiyo kushindikana ni tofauti, na hiyo nayo ni sehemu ya hesabu.

Wakati una uzito wake pia. Mchoro ukiwa bado kwenye karatasi, kuubadilisha ni suala la siku chache za mhandisi. Misingi minne mikubwa ikishamwagwa, mita za ujazo 1.7 tayari zimezikwa na haziokoki. Nguzo zikishasimama hadi mita tatu, wazo lote limekuwa habari za mwakani. Kwenye miradi mikubwa uchambuzi huu huwekwa mwanzoni mwa usanifu, na huendeshwa na kikundi chenye mhandisi, mkadiriaji majenzi, mtu wa matunzo na mtumiaji. Kwa mnara wa nyumbani kikundi ni mhandisi, fundi bomba na mwenye nyumba kukaa pamoja kabla ya mchanga kushushwa.

Mikataba ya kimataifa ya ujenzi imeweka jambo hili kwenye maandishi. Kitabu Chekundu cha FIDIC cha mwaka 1999, kinachofahamika vizuri kwa wakandarasi wa barabara na madaraja katika Afrika Mashariki, kinampa mkandarasi haki, katika kifungu cha 13.2, ya kupendekeza badiliko litakaloharakisha kazi, kupunguza gharama au kuongeza ufanisi au thamani kwa mwenye mradi. Badiliko la usanifu likipunguza bei ya mkataba, anapata nusu ya faida halisi kama ujira wa wazo lake. Neno halisi lina maana kamili pale. Tuseme pendekezo linaokoa shilingi milioni 40, lakini linampunguzia mwenye mradi thamani ya milioni 10 kwa sababu kitu kitadumu muda mfupi zaidi au kitatunzwa kwa gharama kubwa. Kifungu kinatoa 10 kwenye 40, zinabaki 30, mkandarasi anapata 15. Hasara ya ubora ikizidi kile kilichookolewa, hapati kitu. Waandishi wa kifungu hicho walijua kwamba mtu akilipwa kwa kila shilingi anayoipunguza, bila kukatwa ubora alioupunguza, ataleta nondo za 12.

Nyumbani hakuna kifungu cha 13.2, kwa hiyo mwenye nyumba ajipimie mwenyewe. Mnara ukikamilika na tangi la juu likiwa na maji, chukua ndoo mbili za lita kumi. Weka moja chini ya bomba la mvua la bafu lililo mbali zaidi na tangi, nyingine chini ya koki ya jikoni, fungua zote mbili kwa wakati mmoja na utazame saa. Kwa lita nane kwa dakika, kila ndoo inatakiwa kujaa ndani ya sekunde 75. Rudia wakati tangi liko karibu kuisha, maana hapo presha iko chini kabisa, na kimo tulichokipigia hesabu ni cha kitako cha tangi. Ndoo ikichukua dakika mbili, usimwite mtu wa kuongeza mnara. Fuata bomba kuanzia juu: angalia kama koki kuu imefunguka yote, kama kuna kichujio kilichoziba, kama fundi aliishiwa na bomba la inchi akaunganisha kipande cha nusu inchi mahali ambapo hapaonekani, nyuma ya plasta.